Glakoma au ubongo? Karatasi moja ya kipimo haitoshi

“Karatasi ya kipimo cha uwanja wa kuona, ya jicho la kulia, inaonyesha upofu juu, upande wa pua. Daktari wa kwanza kasema ni glakoma, wa pili anataka picha ya ubongo. Nani tumsikilize?”

Daktari wa kwanza hajakurupuka. Nyuzi za neva zinazotoka upande wa nje wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hupinda kama upinde kuzunguka kitovu cha kuona, za juu kwa juu na za chini kwa chini, bila kuvuka mstari mlalo. Glakoma ni ugonjwa unaoua nyuzi hizo. Inapoua fungu la chini, upofu hutokea juu, kwa kuwa chini ya retina ndiko kunakoona vitu vya juu, na hukatika ghafla kwenye mstari huo, hasa upande wa pua. Kwa hiyo upofu wa juu upande wa pua ni sura ya glakoma inayofahamika sana. Tena mstari wa karatasi ulioandikwa GHT, yaani Glaucoma Hemifield Test, ukisema “Outside Normal Limits”, nje ya kiwango cha kawaida, wengi huona kesi imekwisha. Lakini GHT hulinganisha juu na chini tu. Haiulizi kama kushoto kunatofautiana na kulia, na swali hilo ndilo la ubongo.

Daktari wa pili anaangalia mstari wa wima. Neva za macho mawili zinapokutana nyuma ya macho, nyuzi za nusu ya ndani ya kila retina huvuka kwenda upande wa pili, na za nusu ya nje hubaki upande wake. Kuanzia hapo kwenda nyuma, ubongo wa kulia hubeba nusu ya kushoto ya kile kinachoonwa na macho yote mawili. Jeraha la huko huacha upofu unaokatika kwenye mstari wa wima, upande uleule kwa kila jicho.

Basi weka karatasi zote mbili mezani, la kushoto kushoto na la kulia kulia. Acha kwanza ile picha ya kijivu. Mashine huijaza nafasi kati ya nukta kwa kukadiria, na mpaka mkali huonekana kama ukungu. Soma namba za desibeli zenyewe: namba kubwa maana yake jicho liliona hata mwanga hafifu, na chini ya sifuri maana yake halikuona hata mwanga mkali kabisa. Katika kipimo cha 24-2, mpangilio wa nukta unaotumika sana, nukta za karibu zimekaa digrii 3 kila upande wa mstari wa wima, na nusu ya juu ina jozi nne za namna hiyo.

Tuseme jicho la kulia, kutoka juu kushuka, linasoma <0, 2, 0, 4 kushoto kwa mstari, na 25, 27, 29, 31 kulia kwake. Kwa hatua ya digrii 6 tu, mwanga unaoonekana vizuri karibu unapotea kabisa, mara nne mfululizo. Upinde wa glakoma haufanyi hivyo: huanzia kwenye doa pofu, hupita juu ya kitovu na kuuvuka mstari wa wima bila kuujali. Sasa geukia jicho la kushoto. Likisoma 1, <0, 3, 5 kushoto na 26, 27, 29, 30 kulia, upofu wake uko upande wa sikio. Glakoma ya macho mawili kwa kawaida ingeuweka upande wa pua kwa kila jicho. Hapa yote mawili hayaoni juu kushoto, na mtuhumiwa ni nyuzi za kuona zinazopita upande wa kulia wa ubongo, mara nyingi sehemu ya karibu na sikio.

Hata hivyo mtihani huu una mipaka. Glakoma changa huweza kugusa nukta tatu tu pembeni kwenye pua, mbali na mstari wa wima, na hapo jozi zile nne hazisemi lolote. Kinachosaidia ni kichwa cha neva, sehemu ya neva ambayo daktari huiona ndani ya jicho. Upofu wa juu upande wa pua katika jicho la kulia unadai ukingo wake uwe umekonda chini kwa nje, kama saa 7 kwenye uso wa saa ya ukutani. Ukingo ukiwa mnene na mwekundu wakati namba zimeshuka hadi sifuri, hesabu haikubali. Ukiwa umepauka bila kuchimbika, vilevile hiyo si glakoma ya kawaida. Na kope lililolegea hushusha safu ya juu kabisa kwa pande zote mbili. Lipandishe kwa plasta, rudia kipimo, uone kama safu inarudi.

Ugumu halisi ni mgonjwa mwenye vyote viwili. Kikombe kikubwa, yaani shimo pana katikati ya kichwa cha neva, na presha ya jicho ya 26 vinathibitisha, pengine, kwamba glakoma ipo. Havithibitishi kwamba ndiyo iliyokata mstari wa wima. Kwa namba za mfano wetu ningemsikiliza daktari wa pili, na dawa za presha ya jicho ziendelee. Kurudia kipimo baada ya miezi kadhaa kunafaa pale mpaka unapotia shaka. Unapokuwa mkali hivi kwenye macho yote mawili, picha ya ubongo itangulie. Na kama upofu ulianza ghafla, apelekwe hospitali siku ileile, maana huenda ni kiharusi.