Lebo yenye shaka ipigwe picha kabla haijabanduliwa

Msambazaji mmoja alituletea dukani katoni za maziwa ya unga ya kopo, na wakati wa kupanga mzigo tukaona kwamba tarehe zilizo chini ya makopo hazipatani na zilizochapwa kwenye katoni. Nimeliandikia jambo hilo Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Naona ni vyema kueleza barua hiyo ilivyoandikwa, maana mkaguzi hawezi kuifanyia kazi barua iliyojaa hasira lakini haina hata namba moja ya kufuatilia.

Kwenye katoni, kwa wino wa mashine, paliandikwa toleo L4032, kutengenezwa 02/2024 na mwisho wa matumizi 02/2026. Chini ya kopo palikuwa na kibandiko cheupe kinachosema 08/2025 na 08/2027, bila namba ya toleo, na pembeni mwa kibandiko hicho zilichungulia herufi L na tarakimu 4 zilizochapwa moja kwa moja kwenye bati. Watengenezaji wengi, ingawa si wote, huunda namba ya toleo kwa tarakimu ya mwisho ya mwaka ikifuatwa na siku ya mwaka huo. Kwa mtindo huo, 4032 ni siku ya 32 ya mwaka 2024, yaani tarehe 1 Februari, na hiyo inalingana na katoni wala hailingani na kibandiko.

Kibandiko peke yake si kosa. Waagizaji wengi huongeza kibandiko chenye jina na anwani yao, au maelezo ya lugha ambayo haikuwepo kwenye lebo ya kiwandani, na hilo halina ubaya. Kinachotia shaka ni kibandiko kilichofunika tarehe au namba ya toleo. Vilevile sikujenga hoja juu ya msimbopau, ingawa wenzangu wengi sokoni huanzia hapo wakisema kwamba bidhaa isiyoanza na 620 haikutoka Tanzania. Tarakimu hizo za mwanzo huonyesha nchi ambako kampuni ilisajili namba zake, wala hazithibitishi mahali bidhaa ilipotengenezwa, kwa hiyo barua inayoegemea hapo inaweza kupanguliwa kwa jibu la sentensi moja.

Kwa upande wa picha, msimamo wangu ni kwamba mwenye duka asibandue kibandiko hata kama mkono unamwasha, kwa kuwa kikishabanduliwa, msambazaji ana haki ya kuuliza ni nani aliyekichezea. Tulianza na katoni ambayo utepe wake haujakatwa, pande zote zenye maandishi, kisha tukaikata na kupiga picha makopo yakiwa bado ndani, ndipo tukasogea karibu na chini ya kopo moja, tukimulika tochi kutoka ubavuni ili ukingo wa kibandiko na wino ulio pembeni vionekane. Ile picha ya makopo ndani ya katoni ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu bila hiyo hakuna kinachounganisha kopo hili na katoni ile. Picha hizo zitunzwe kwenye simu kama zilivyo. Ukizituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za saa na tarehe zilipopigwa, kwa hiyo tulizituma kama faili, pamoja na nakala ya risiti ya EFD na hati ya kupokelea mzigo.

Ndani ya barua sikuandika kwamba maziwa yameharibika wala kwamba msambazaji ni tapeli, kwa sababu picha haiwezi kuthibitisha lolote kati ya hayo. Yaliyomo kwenye kopo yanajulikana maabara, na aliyebandika anaweza kuwa mtu aliyeshika mzigo kabla haujamfikia yeye. Niliandika hivi: "Tumeona tarehe mbili tofauti kwa bidhaa ileile, katoni na kopo, kama picha zinavyoonyesha. Katoni zilizobaki tumezitenga na hatuziuzi. Tunaomba mkaguzi aje achukue sampuli."

Msambazaji alipopata habari alijitolea kuzichukua katoni zote na kutuletea nyingine siku hiyohiyo. Nilikataa, na ningekataa tena, maana mzigo ukiondoka hapa utashushwa kwenye duka jingine ambalo pengine halitageuza kopo kutazama chini, na maziwa hayo huenda yakaishia kwenye kikombe cha mtoto. Makopo machache yalikuwa yameshauzwa kabla hatujagundua, nalo nimelieleza kwenye barua, pamoja na tangazo tulilobandika kaunta lenye namba ya toleo, likiwaomba wateja wayarudishe na kurejeshewa fedha zao.