Tuandike Uturuki, tuache Florence

Tunapojadili majina ya mahali katika uandishi rasmi, huwa tunadhani kuna pande mbili tu: jina la wenyeji na jina letu la Kiswahili. Mimi naona kuna upande wa tatu, nao ndio unaoshinda kila siku. Ni jina la Kiingereza. Anayeandika "Florence", "Cologne" au "Ivory Coast" kwenye ripoti hajatumia jina la Kiswahili hata kidogo. Wenyeji wa miji hiyo miwili huiita Firenze na Köln, na sisi hatukuwahi kuipa majina yetu. Tumeazima tu jinsi Mwingereza anavyowaita jirani zake.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, nauliza kwanza kama Kiswahili kina jina lake lililo hai. Kulitambua si kazi ngumu, kwa sababu jina hai huzaa. Ureno ina Wareno na Kireno, Ugiriki ina Wagiriki na Kigiriki. Majina ya namna hiyo yabaki, hata katika hati nzito kabisa. Sioni faida ya kumtupa Mreno ili tuandike "raia wa Portugal". Misri, kwa mfano, iko karibu zaidi na jina wanalolitumia Wamisri wenyewe kuliko Egypt.

Uturuki ndiyo inayowachanganya wengi. Mnamo Juni 2022 Umoja wa Mataifa ulikubali ombi la serikali ya Ankara kwamba nchi iandikwe Türkiye, na baadhi ya waandishi wetu wakaona Uturuki imepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Kilicholalamikiwa hasa ni Turkey ya Kiingereza, neno ambalo pia ni jina la bata mzinga. Uturuki haina kasoro hiyo, na imefungamana na Waturuki na Kituruki. Katika maelezo ya kawaida ya ripoti naiacha ilivyo. Türkiye naiweka pale tu jina linaposimama kama jina la dola: orodha ya waliotia saini mkataba, au anwani ya barua kwa serikali yake.

Côte d'Ivoire inataka uamuzi mwingine. Tangu miaka ya 1980 serikali ya nchi hiyo imesisitiza kwamba jina lake lisitafsiriwe katika lugha yoyote. Kwa msingi huo Ivory Coast ina kosa, na Pwani ya Pembe ina kosa lile lile, ingawa ni Kiswahili safi. Kodivaa ni jambo tofauti: haikutafsiri maana, imefuata sauti tu, kwa hiyo haivunji ombi la wenyewe. Ningefurahi kuiona ikikua. Lakini kwa kuwa bado wasomaji wengi hawajaizoea, katika hati rasmi naandika Côte d'Ivoire, na kwa watu wake naandika "raia wa Côte d'Ivoire". Alama iliyo juu ya "o" isiachwe. Ikiandikwa Côte ukurasa mmoja na Cote ukurasa mwingine, faharasa hugawanyika mara mbili, na kuna programu ambazo mtu akitafuta moja hazimwoneshi nyingine.

Pale Kiswahili kisipokuwa na jina lake, jina la wenyeji litangulie: "Firenze (Florence)" mara ya kwanza, kisha Firenze hadi mwisho. Mabano hayo yanamtosha msomaji aliyezoea jina la Kiingereza. Kwa Kyiv nashikilia zaidi. Kiev ni umbo lililopitia Kirusi, na Ukraine ilipitisha Kyiv kama umbo rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1995. Shirika la habari la AP lilibadilisha mwaka 2019. Kwetu ni kubadilisha herufi mbili tu, na sioni kisingizio cha kuchelewa.

Utaratibu huu una mipaka, na mmoja wao ni wakati. Vita vya Stalingrad haviwezi kuitwa vya Volgograd, kwa sababu mji ulipata jina hilo mwaka 1961. Vivyo hivyo, nchi iliyotangaza jina la Eswatini mwaka 2018 ilikuwa Swaziland katika hati ya mwaka 2010, na anayenukuu hati hiyo hana ruhusa ya kuirekebisha.

Mpaka mgumu zaidi ni mji wenye wenyeji wa lugha mbili. Makao makuu ya Ubelgiji ni Bruxelles kwa Kifaransa na Brussel kwa Kiholanzi, na lugha zote mbili ni rasmi mjini humo. Ukichagua moja umeegemea upande katika mvutano wa muda mrefu. Hapo ndipo ninapokubali Brussels: ni umbo la kigeni, lakini halimpendelei yeyote kati ya hao wawili. Afadhali uamuzi kama huo uandikwe kwenye mwongozo wa uhariri pamoja na sababu yake, ili mhariri anayefuata asije akaurudisha nyuma akidhani anasahihisha kosa.