Ukizidisha mara mbili, faida haizidi mara mbili

Shemeji yangu ana hesabu anayoipenda: hisa zikipanda kwa wastani wa 5% kwa mwaka, ukikopa kiasi sawa na mtaji wako ukanunua maradufu, utapata 10%. Toa riba, kinachobaki chako. Mimi naona neno "wastani" ndilo linalomponza.

Chukua hisa inayopanda 30% mwaka huu na kushuka 20% mwaka ujao. Wastani ni 5%. Shilingi 1,000,000 inakuwa 1,300,000, halafu inashuka hadi 1,040,000. Kwa miaka miwili umepata 4%, wala si 10%. Ile 6% imekwenda wapi? Zidisha 30% kwa 20%, utaiona. Hiyo ndiyo gharama ya bei kuyumba, na hailetwi na dalali wala serikali.

Sasa mfuate shemeji. Faida inakuwa 60%, hasara 40%. Milioni inapanda hadi 1,600,000, kisha inaanguka hadi 960,000. Hisa ileile iliyokupa 4% sasa imekula 4% ya mtaji wako, na riba bado sijaigusa. Tofauti ya kupanda na kushuka imekuwa maradufu, kutoka 10 hadi 20. Lakini gharama ya kuyumba ni 60% mara 40%, yaani 24. Imekua mara nne. Rudia mzunguko huo mara 10, yaani miaka 20: asiyekopa ana kama 1,480,000, shemeji ana kama 665,000.

Kinachonifurahisha zaidi ni upande wa pili. Weka 80% tu kwenye hisa, 20% ikae taslimu bila riba yoyote, na kila mwaka urudishe uwiano huo. Unapata 24%, kisha unapoteza 16%, unaishia na 1,041,600. Umehatarisha kidogo, umepata zaidi kidogo.

Shemeji ana utetezi mmoja wa kweli. Hesabu yangu inadhani kila mwaka unaanza upya na mkopo sawa na mtaji ulionao. Mifuko ya uwekezaji inayolenga maradufu ya soko, kama SSO ya Marekani, hufanya hivyo kila siku, ndiyo maana soko linapopanda mfululizo huweza hata kuzidi maradufu, na linapoyumba palepale huliwa. Akikopa mara moja na kutulia, 2,000,000 inakuwa 2,080,000. Akilipa deni, anabaki na 1,080,000.

Ila mwaka mbaya ukitangulia, hisa zinashuka hadi 1,600,000, na ukitoa deni, chake ni 600,000 tu. Hapo ndipo mkopeshaji hupiga simu kudai nyongeza, la sivyo anauza. Na hata akivumiliwa, alichomzidi asiyekopa ni 40,000 kwa miaka miwili. Riba ya 2% kwa mwaka inaimaliza yote.