Anakusubiri kituoni, au anasubiri basi lipite?

"Tangu Agosti tunasoma wawili, mimi na kijana mmoja, kila Jumanne na Alhamisi, tunajiandaa na mtihani wa bodi ya uhasibu wa Novemba. Siku hizi hanisindikizi tu, ananisubiri mpaka nipande mwendokasi ya Kimara, na yeye anakaa Mbagala. Huu ni urafiki wa vitabu, au kuna jambo?"

Mdogo wangu, kwanza tutoe kile ambacho ratiba yenyewe inakidai. Watu wawili wanaojiandaa na CPA lazima waonane mara kwa mara, wapeane pasti pepa, waulizane umefikia wapi na wakumbushane kulala. Kumsindikiza msichana kituoni saa tatu usiku pale Posta nako ni adabu tu. Kaka yako angefanya hivyo, na mlinzi wa jengo huenda angefanya vilevile. Hayo yote ukiyahesabu kama mapenzi, utapata jumla kubwa isiyo na kitu ndani. Kinachokuhusu ni kile kinachobaki ukishaondoa somo.

Kwa hiyo kituo chenyewe kinaweza kukuambia zaidi. Ukipita geti la mwendokasi umeshalipa nauli. Akibaki nje, akapunga mkono na kukimbilia daladala ya Mbagala, amekusindikiza. Akilipa na kuingia ndani, basi la kwanza la Kimara likaja limejaa mkaliacha, na la pili mkaliacha kwa sababu hadithi haijaisha, hapo mtihani hauhusiki tena. Angalia pia kama anampa mwingine uangalifu huohuo. Nilisoma zamani na mwenzangu aliyekuwa ananiletea maandazi kila jioni, nikajenga nyumba nzima juu ya yale maandazi. Wiki niliyougua, akampelekea dada wa meza ya pili. Alikuwa mtu mkarimu, na mimi niliumia kwa jambo ambalo hakuwahi kuniahidi.

Upande wa pili wa mizani uko kwako mwenyewe, na huu watu huusahau. Mwaka 1992 Moreland na Beach, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio lao: wasichana wanne wenye mwonekano unaokaribiana waligawiwa idadi ya siku za kuingia darasani, mmoja hakuingia kabisa, wengine mara 5, 10 na 15. Hawakuzungumza na mtu. Mwisho wa muhula wanafunzi walioonyeshwa picha zao waliwapenda zaidi wale walioingia mara nyingi. Kuonana tu kulitosha. Sasa wewe umekaa meza moja na huyu kijana mara mbili kwa wiki, tena mnacheka hesabu zikigoma. Joto unalolihisi ni la kweli, ila huenda limetokana na mazoea, na halikuambii yeye anahisi nini.

Je, usubiri Novemba ipite? Hoja ya kusubiri ina uzito: ukimuuliza leo akasema hapana, Jumanne ijayo mtakaa mnaangaliana vidole, na ada ya mtihani imeshalipwa. Mtihani ukiisha, sababu ya kuonana itakufa yenyewe, na atakayekutafuta baada ya hapo anakutafuta wewe. Lakini kipimo hicho kinamwonea mwenye haya. Kuna kijana anayejificha nyuma ya daftari kwa sababu daftari ndilo ruhusa pekee aliyonayo. Likifungwa, atanyamaza, nawe utasoma ukimya wake kama jibu.

Mimi naegemea njia ndogo ya katikati. Usimuulize kuhusu mapenzi kabla ya mtihani. Muulize kuhusu Jumamosi. "Jumamosi jioni naenda Coco kula mihogo, twende, ila vitabu tuviache nyumbani." Sikiliza namna atakavyokataa, kama atakataa. "Jumamosi nimebanwa," kisha kimya, mwache na usirudie. "Jumamosi nina msiba Mbagala, Jumapili je?" huyo anatafuta mlango. Akija na rafiki zake wawili, naye amekujibu kwa upole.

Na akija peke yake, bado hujui yote, maana mihogo huliwa na marafiki pia. Hapo pana swali moja ambalo ishara yoyote haiwezi kulijibu, na ambalo wengi mjini hapa hulikwepa hadi wachelewe: ana mtu? Mchumba aliyeko Mbeya hatamwona pale kituoni, nawe hutamwona yeye. Liulize mkiwa mnatembea ufukweni: "Huko nyumbani hujachumbia bado?" Akisita, akabadilisha mada, chukulia kwamba yupo mpaka aseme mwenyewe. Akisema hana, kisha akakuuliza na wewe, mwambie moja kwa moja kwamba unapenda kuwa naye hata siku isiyo ya kusoma, halafu mwachie nafasi ajibu kwa muda wake.