Betri Imejaa, Nyumba Ina Giza

Kila jioni, taarifa ya habari inapoanza, kontrola ya sola iliyo stoo huniwashia taa yake ya kijani kunijulisha kwamba betri imejaa, huku mimi nikiwa sebuleni nikipapasa ukutani kama kipofu ugenini. Televisheni huzimika, hujiwasha, kisha huzimika tena, na zile taa nne hupepesa kama macho ya mlevi. Mke wangu huniuliza betri imejaa nini hasa, nami sina jibu la heshima.

Fundi aliyenifungia mtambo alirudi mchana, akapima betri ilhali kila kitu kimezimwa, akasoma volti 12.7, akatangaza kwamba mtambo ni mzima, akadai nauli. Kwa kuwa umeme usiotembea haupotezi volti njiani, hata waya wa spika ungefaulu mtihani wa namna hiyo. Nami nililipa!

Nilipochoka kuaibika nikaazima mita kwa jirani, nikasubiri usiku, nikawasha televisheni na taa zote, jumla ampea 3. Kwenye vichwa vyenyewe vya betri nilipata volti 12.5, kwa hiyo betri haikuwa na kosa. Ingekuwa imechoka, ingeporomoka papo hapo. Nyuma ya televisheni nilikuta 10.1. Volti 2.4 zilikuwa zimeliwa njiani, na nyumbani kwangu hakuna panya anayekula umeme.

Mwizi wa kwanza alikuwa nati. Niligusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye kiatu cha waya kilichofungwa hapo hapo, mahali panapopaswa kusoma karibu na sifuri, nikakuta 0.8. Nati ilikuwa imelegea, ina ukungu mweupe, na ina joto la kikombe cha chai. Nilizima mtambo, nikasugua kwa msasa, nikakaza kwa spana, na taa zikaacha kupepesa.

Volti 1.6 zilizobaki zilimezwa na waya wenyewe. Kutoka stoo hadi sebuleni ni mita 15, lakini umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 30 za shaba ya milimita 1 ya mraba, yenye ukinzani wa kama nusu omu. Kwa umeme wa volti 230 hasara hiyo usingeiona. Kwa volti 12 ndiyo chakula cha televisheni. Nilipovuta waya wa milimita 4 za mraba, hasara ilishuka hadi volti 0.4, na sebuleni sasa nasoma 12.1.

Waya wa zamani mke wangu ameufanya kamba ya kuanikia nguo, na jana kanga mbili mbichi tu ziliukata.