Mdogo wangu, anza kufua Jumamosi asubuhi

Tangu majibu ya kidato cha kwanza yatoke, kila anayepita nyumbani anakuambia "kasome, usituangushe." Imeniudhi. Sawa, kusoma ni muhimu, sibishi. Ila unaenda bweni na tranka, godoro na ndoo mbili, na hakuna aliyekaa na wewe akakuonyesha jinsi ya kufua sare kwa maji ya kupanga foleni. Mtoto anayeingia darasani na shati lenye unyevu hasikilizi somo, anawaza atanuka.

Fua Jumamosi asubuhi, kabla bombani hakujajaa watu. Ukisubiri Jumapili jioni, sketi haitakauka, na Jumatatu kuna ukaguzi.

Ndoo kubwa ya lita 20 jaza nusu tu. Koroga kwanza sabuni ya unga mpaka iyeyuke yote, ndipo uweke nguo. Chembe zikikaa kwenye kitambaa huacha madoa. Loweka mashati meupe peke yake kwa nusu saa. Usiyalaze usiku kucha, yatachacha. Kola na mikono paka sabuni ya mche, kisha fikicha kitambaa kwa kitambaa taratibu. Maji hayohayo yafulie sketi, mwisho soksi. Sweta jipya liweke mbali na vyeupe hadi ulijaribu: lowesha upindo wake, ubane na kitambaa cheupe. Kikishika rangi, sweta lifuliwe peke yake.

Ndoo ndogo ni ya kusuuzia, na hapa ndipo wengi wanabana maji. Suuza mara mbili. Ukikamua shati na maji bado yanateleza vidoleni, sabuni imebaki. Ukilivaa na jasho, shingo itawasha, na ukilipiga pasi linapata manjano. Sketi igeuze nje ndani ukiianika, rangi isipauke.

Chupi anika juani kama nguo nyingine. Najua utaona haya, wengi huzificha chini ya kitanda, na huko hazikauki vizuri. Nguo yenye unyevu mwilini huleta fangasi na kuwashwa. Ukiona haya sana, funika kwa khanga nyepesi, jua litapenya.

Andika jina lako kwa uzi ndani ya kola, maana wino unafutika, na uanue kabla jua halijazama.

Ufunguo wa tranka uvae shingoni. Wa akiba mpe matroni. Usiufungie ndani ya tranka lenyewe, utakuja kuvunja kufuli. Pedi moja ikae kwenye begi la darasani hata kama bado hujaanza. Homa ikikushika usiku, mwamshe kiranja akupeleke kwa matroni saa hiyohiyo, usingoje kengele ya asubuhi.

Na ukilia wiki ya kwanza, lia tu, mdogo wangu. Siku ya kutembelewa nitakuja na sabuni nyingine.