Uthabiti wa osileta hauna maana bila kutaja muda

Muuzaji wa vifaa aliyeniambia hapa Kampala kwamba osileta yake ya kwatzi, yaani kifaa kinachotoa mapigo ya umeme kwa kufuata mtetemo wa fuwele, ina uthabiti wa sehemu 1 katika bilioni 100 hakunidanganya, lakini hakuniambia ni kwa muda gani, na bila muda huo tarakimu yake haikuwa na kazi kwangu.

Nilipoilinganisha na saa iliyo thabiti zaidi, mkengeuko sanifu wa frikwensi ulizidi kukua kadiri nilivyoongeza siku za vipimo. Kosa halikuwa la kipimo. Mkengeuko sanifu hupima umbali kutoka wastani mmoja, na wastani wenyewe ulikuwa ukihama. Tatizo hilo ndilo mwanafizikia Mmarekani David Allan alilolishughulikia mwaka 1966: tunalinganisha wastani wa kipindi kimoja na wa kipindi kinachofuata mara moja, tunazidisha kila tofauti kwa yenyewe, tunatafuta wastani wa matokeo, tunaugawa kwa 2, kisha tunachukua kipeuo chake cha pili. Kazi hiyo hurudiwa kwa vipindi vya sekunde 1, 10, 100 na kuendelea, na matokeo huchorwa kuwa mkunjo.

Kwa vipindi vifupi, mkunjo wa osileta yangu ulishuka, kwa sababu kelele za saketi huenda juu na chini bila mpango, na kuzitafutia wastani huzipunguza. Kisha ulilala kwenye sehemu 1 katika bilioni 100, sakafu yake, ambako kurefusha kipindi hakusaidii tena. Baadaye ukapanda. Fuwele huzeeka: mkazo wa vishikizo vyake hulegea taratibu na uchafu mdogo mno hutua juu yake au kuondoka, hivyo frikwensi huelekea upande mmoja, na mwendo wa upande mmoja haufutwi na wastani. Osileta inayohama sehemu 1 katika bilioni 10 kwa siku ina mchango wa uhamaji ulio sawa na kasi hiyo mara urefu wa kipindi, ukigawanywa kwa 1.41; mchango huo huifikia ile sakafu baada ya saa 3 na dakika 24 hivi.

Mipigo ya GPS, ambayo kipokezi cha setilaiti hutoa kila sekunde, ina tabia iliyo kinyume. Ikiwa kila mpigo una kosa la nasibu la nanosekunde 10, mkunjo wake huanzia karibu sehemu 17 katika bilioni 1 kwa sekunde 1 na kushuka kwa uwiano na muda, hata uikute sakafu ya kwatzi karibu na sekunde 1,700. Ndiyo maana ninashikilia kwamba osileta hii irekebishwe kwa GPS polepole, kwa kipimo cha takriban nusu saa, kwani ukiharakisha utaiingizia kwatzi kelele za mipigo.

Jambo moja mkunjo huo haulionyeshi. Umeme ukikatika na tanuri linaloiweka fuwele kwenye joto lisilobadilika likapoa, frikwensi hairudi palepale, na kwa siku kadhaa huhama haraka kuliko kawaida. Vipimo vya kabla na vya baada ya kukatika huko visiunganishwe kuwa mfululizo mmoja.